Siku Ngapi Kweli? Kadiria Muda wa Kazi kwa Nambari Tatu

"Mama, hiyo ni kazi ya siku tatu tu."

Kama umewahi kujenga kibanda, kufungua duka au kutengenezewa meza na fundi, hiyo sentensi unaijua. Siku ya tatu inafika, sakafu haijamwagwa. Siku ya nane fundi hashiki simu. Na si lazima awe mwongo. Ulimuuliza swali la nambari moja, naye akakupa nambari moja, ile ya siku ambayo mvua hainyeshi, lori la mchanga linafika kwa wakati na hakuna matanga kijijini.

Leo tunajifunza kumuuliza nambari tatu badala ya moja, na kuzigeuza kuwa tarehe ambayo unaweza kuiahidi mbele ya watu wako wa chama bila kutetemeka. Utahitaji kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu chenye alama ya √.

Mfano wetu: mkahawa karibu na chuo

Tuchukue mama mmoja wa kubuni hapa Kakamega. Kwa sasa anauza chapati na maharagwe chini ya mwavuli kando ya barabara ya kwenda Webuye, karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Anataka kuhamia kibanda cha mabati chenye meza, stima na jiko la maana. Chama chake kimekubali kumkopesha, na marejesho ni shilingi 2,500 kila wiki.

Kuna tarehe mbili ambazo hazimsubiri. Ya kwanza ni Jumatatu ambayo wanafunzi wanaripoti muhula mpya. Mwanafunzi akishazoea kula mahali fulani wiki ya kwanza, kumtoa huko ni kazi. Ya pili ni siku ya kuanza kurejesha mkopo. Mkahawa ukiwa bado umefungwa siku hiyo, zile 2,500 zitatoka kwenye pesa za unga.

Kazi zake ni tano, na zinafuatana moja baada ya nyingine kwa sababu anamlipa fundi mmoja mmoja kadiri pesa inavyoingia. Kwanza sakafu, halafu fremu na mabati, halafu kutandaza nyaya na kuunganishiwa stima, halafu meza na viti, na mwisho rangi na kupanga vitu. Siku tunazohesabu ni siku za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi.

Uliza mbaya kwanza

Watu wengi huuliza muda wa kawaida kwanza, halafu wanaongeza kidogo juu na kupunguza kidogo chini. Ukifanya hivyo, nambari zote tatu zitaizunguka ile ya kwanza. Fundi akishasema "tatu", mbaya yake itakuwa "nne, tano hivi". Kichwa kimeshafungwa kwenye tatu. Kwa hivyo anza na mwisho wa mbali, na uulize kilichowahi kutokea, si anachofikiria.

"Fundi, sakafu kama hii, ile iliyowahi kukuchelewesha kabisa ilichukua siku ngapi?"

"Aah, mama, kuna moja ilifika siku kumi. Ilikuwa mvua kila saa nane, halafu lori la mchanga likakwama."

"Na ile iliyoenda mbio?"

"Siku mbili. Ya kwanza tulisawazisha na kupanga mawe, ya pili tukamwaga."

"Sasa hii yangu, kwa kawaida?"

"Tatu."

Ona kwamba ile "tatu" bado ni tatu. Fundi hakukudanganya mwanzoni, ila sasa unajua kuna nini kando yake. Upande wa kushoto kuna nafasi ya siku moja tu, upande wa kulia kuna siku saba. Kazi nyingi ziko hivyo. Huwezi kumaliza sakafu kwa saa moja hata mambo yakienda vizuri namna gani, lakini kuchelewa hakuna mwisho ulio karibu. Hapa Kakamega asubuhi inaweza kuwa jua safi na alasiri ikawa mvua ya kufunga kazi, kwa hivyo kazi yoyote ya nje ina mkia mrefu upande wa kuchelewa.

Mbaya maana yake nini hasa? Si kwamba kibanda kimeteketea. Jiulize hivi: ningefanya kazi hii mara mia, ni siku ngapi ambazo ningezipita mara moja tu? Nambari nzuri ni hivyo hivyo kwa upande wa pili, yaani muda ambao ungeupata mara moja katika mia.

Kutoka nambari tatu hadi moja

Tuziite N kwa nzuri, K kwa kawaida na M kwa mbaya. Muda wa kutarajia ni huu:

```
(N + 4K + M) / 6
```

Kawaida inahesabiwa mara nne kwa sababu ndiyo inayotokea sana. Nzuri na mbaya zinahesabiwa mara moja moja. Jumla ni sehemu sita, ndiyo maana tunagawanya kwa 6. Kanuni hii ilitokana na kazi ya Jeshi la Majini la Marekani, ambalo mwaka 1958 lilikuwa likipanga mradi wa kombora la Polaris, wenye kazi nyingi ambazo hakuna mtu alikuwa amewahi kuzifanya. Wao walikuwa na maelfu ya kazi. Mama yetu ana tano, na hesabu ni ile ile.

Sakafu: 2 + (4 × 3) + 10 = 24. Gawanya kwa 6, unapata siku 4. Hizi hapa zote:

| Kazi | N | K | M | Kutarajia |
|---|---|---|---|---|
| Sakafu | 2 | 3 | 10 | 4 |
| Fremu na mabati | 3 | 4 | 11 | 5 |
| Stima | 5 | 7 | 21 | 9 |
| Meza na viti | 3 | 5 | 13 | 6 |
| Rangi na kupanga | 1 | 2 | 3 | 2 |
| Jumla | 14 | 21 | 58 | 26 |

Hebu tazama ile 21. Hiyo ndiyo tarehe ambayo angeipata kama angeuliza kila fundi swali la kawaida na kujumlisha majibu. Siku 21 za kazi ni wiki tatu na nusu. Lakini siku za kutarajia ni 26. Siku tano zimetoka wapi? Zimetoka kwenye mikia. Kila fundi alisema ukweli kuhusu kazi yake, lakini ukijumlisha majibu ya kawaida umetupa nje uchelewaji wote uliokuwa upande wa kulia. Ndiyo maana mradi unaweza kuchelewa bila mtu yeyote kudanganya.

Usijumlishe mbaya zote

Sasa mtu muoga ataangalia ile 58 na kusema, "Basi nitaahidi siku 58, nilale." Hapana. Ili ifike 58, sakafu lazima ipate bahati mbaya kabisa, na mabati pia, na stima pia, na meza pia, na rangi pia, zote kwenye mradi mmoja. Kwa kawaida moja ikichelewa nyingine inaenda sawa, na zinafidiana kidogo. Ukiahidi 58 utalipa kodi ya kibanda kitupu kwa wiki nyingi.

Kwa hivyo tunatafuta akiba ya katikati. Hatua ni hizi:

1. Kwa kila kazi, toa N kwenye M. Sakafu ni 10 − 2 = 8. Mabati 8, stima 16, meza 10, rangi 2.
2. Zidisha kila jibu kwa lenyewe: 64, 64, 256, 100, 4.
3. Jumlisha: 488.
4. Bonyeza √ kwenye kikokotoo: takriban 22.1.
5. Gawanya kwa 6: takriban 3.7.

Hizo siku 3.7 ndizo akiba moja. Ukiweka akiba moja juu ya zile 26 unapata karibu siku 30. Katika miradi kama hii, tarehe hiyo itashikilia takriban mara tano kati ya sita. Ukiweka akiba mbili unafika 33.4, tuseme 34, na hapo utachelewa kama mara mbili tu katika mia. Ukikaa kwenye 26 bila akiba, ni kama kurusha sarafu, nusu kwa nusu. Na ile 21 ya mwanzo? Nafasi ya kuifikia ni chini ya moja katika kumi.

Sasa ana uamuzi wa kufanya, na sasa anajua bei yake. Siku 30 za kazi ni wiki tano kamili. Kwa hivyo ili afungue Jumatatu ya wanafunzi, mchanga unafaa kushushwa Jumatatu ya wiki tano kabla, si tatu na nusu. Na kwa chama, ambako akichelewa analipa kutoka mfukoni na jina linaharibika, anaomba tarehe iliyo salama zaidi: rejesho la kwanza mwisho wa wiki ya sita, baada ya siku 34 kupita. Mradi mmoja, ahadi mbili tofauti, kwa sababu hasara ya kuchelewa si sawa.

Jedwali linakuonyesha pa kusukuma

Rudi kwenye hatua ya pili. Kati ya 488, stima peke yake ni 256, zaidi ya nusu. Mama akimsukuma mpaka rangi amalize kwa siku moja badala ya mbili, hajabadilisha chochote cha maana. Lakini akienda mapema kuuliza karatasi gani zinahitajika ili aunganishiwe stima, akapeleka maombi wiki ile ile ya sakafu, na fundi wa nyaya akakagua kila kitu kabla ya siku ya kuunganishwa, mbaya ya stima inaweza kushuka kutoka 21 hadi, tuseme, 13.

Fanya hesabu tena. Stima sasa inatarajiwa siku 7.7 badala ya 9. Jumla inakuwa 24.7, akiba inashuka hadi 2.9, na tarehe ya akiba moja inatoka 30 hadi 28. Amepata siku mbili bila kumwambia mtu yeyote afanye kazi haraka. Alichofanya ni kukata mkia.

Mahali hesabu inakosea

Kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni mvua. Tulisema kazi zinafidiana, lakini sakafu na mabati zote ziko nje. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, mvua ikichelewesha moja kuna uwezekano mkubwa itachelewesha na nyingine. Hapo hazifidiani, zinaanguka pamoja. Dawa ni kuzihesabu kama kazi moja kwenye hatua ya pili: jumlisha tofauti zao kwanza, 8 + 8 = 16, halafu zidisha, 256. Jumla mpya ni 616, akiba inakuwa 4.1, na tarehe yako ni 31 badala ya 30. Fanya vivyo hivyo kama fundi mmoja anafanya kazi mbili. Akiitwa matanga, zote zinasimama.

La pili ni kazi zinazoenda sambamba. Tuseme mama amepata pesa ya kuwalipa fundi wa stima na fundi wa meza kwa wakati mmoja. Atasema: stima ni siku 9, meza 6, basi nahesabu 9 pekee. Karibu sawa, lakini si sawa kabisa. Mkahawa unasubiri yule anayemaliza mwisho, na safari nyingine atakuwa fundi wa meza. Kazi mbili za sambamba zikiwa na muda unaokaribiana, ongeza siku moja hivi juu ya ile ndefu. Zikiwa mbali, kama hizi zetu, tofauti ni ndogo.

La tatu ndilo linalowashika wengi: mbaya ambayo si mbaya. Ukiona jedwali limeandikwa 3, 4, 5 halafu 4, 5, 6 halafu 6, 7, 8, mtu hakuulizwa, alijaza tu. Akiba itatoka ndogo na tarehe itaonekana nzuri, lakini ni tarehe ya uongo. Dalili ni hiyo: upande wa kulia uko sawa na wa kushoto kwenye kila mstari. Rudi uulize, "Ni lini ulichelewa kabisa?"

Simu yako inakumbuka kuliko fundi

Swali linabaki: utajuaje mbaya halisi wakati kila mtu anakumbuka zile nzuri? Hapa una daftari ambalo pengine hujawahi kulisoma, yaani taarifa yako ya miamala. Kila ulipomlipa fundi kwa simu, tarehe ilibaki. Omba taarifa ya miezi 12 iliyopita, tafuta malipo ya kwanza na ya mwisho kwa kila fundi, na hesabu siku za kazi katikati. Ukipata kazi nne au tano za aina moja, mpangilie kutoka fupi hadi ndefu. Ile ya katikati inakupa K. Ndefu kuliko zote ni mwanzo wa M, na kwa kuwa mara tano hazijafika mia, sogeza M mbele kidogo.

Kuwa mwangalifu na kitu kimoja: tarehe ya malipo si tarehe ya kazi. Kama ulimkalia fundi na salio lake kwa wiki mbili, hizo wiki mbili ni zako, si zake. Kuanzia sasa, lipa kwa hatua: sehemu ya kwanza vifaa vinapofika, sehemu ya pili kazi ikifika nusu, na ya mwisho siku ya kukabidhiwa. Taarifa itakuwa safi, na fundi naye ana sababu ya kurudi kesho.

Hesabu tena kila kazi ikiisha

Jedwali si la kuandika mara moja na kuliweka kabatini. Tuseme sakafu imechukua siku 6 badala ya 4 za kutarajia. Futa mstari wake, kwa sababu hauna tena nzuri wala mbaya, una 6 tu. Kazi nne zilizobaki zinatarajiwa siku 22, kwa hivyo jumla ni 28. Tofauti zilizobaki zinajumlika 424, √ ni 20.6, ukigawanya kwa 6 unapata 3.4. Tarehe mpya ya akiba moja ni siku ya 31.4, na alikuwa amepanga 30.

Ni siku ya sita tu na tayari anajua wanafunzi wanaweza kumkuta hajafungua. Bado ana wiki nne za kufanya kitu. Anaweza kusukuma maombi ya stima, anaweza kukopa meza mbili za plastiki kwa jirani, au anaweza kuamua kuuza chapati nje ya kibanda wiki ya kwanza huku rangi ikikauka ndani. Angekuwa na nambari moja tu, angejua haya yote siku ya 21, akiwa amesimama kwenye sakafu safi bila stima.

Sasa ni zamu yako. Chukua kazi moja unayoipanga mwezi huu, hata kama ni kuhamisha duka tu, uiandike mistari mitatu hadi mitano, na upige simu kwa fundi. Anza na mbaya.